Ripoti ya sensa iwe video: nguzo zipande moja moja

"Niko Dodoma, nina ripoti ya sensa, majedwali matupu. Nifanyeje grafu zijijenge kwenye video?"

Ndugu, chukua jambo moja tu: mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, ukafika 3,085,625 mwaka 2022. Chora nguzo mbili kwenye PowerPoint.

Mhimili wa wima uufunge mwenyewe, 0 hadi milioni 3.5. Ukianzia milioni 2, ongezeko la karibu nusu litaonekana kama mara kumi na tatu. Mimi niliumbuka hapo, mbele ya wakubwa.

Kisha Animations, Wipe, halafu Effect Options, By Category. Mhimili hutangulia, nguzo hufuata. Nguzo ya pili iwekee After Previous na Delay ya sekunde 3, mtu asome ya kwanza. Malizia na Create a Video.

Takwimu zikiwa za sampuli, muone mtakwimu kwanza.