Kadi yenye majibu tisa haikupimi

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Sura nzima ya mzunguko wa damu nimeigeuza kuwa kadi 12, kila mada ndogo na kadi yake. Nazirudia kila jioni na nahisi nimezishika, lakini kwenye jaribio nachanganya. Nipunguze maneno?

Jibu: Marahaba. Tatizo si wingi wa maneno. Kadi zako, kama nyingi ninazoletewa, bila shaka zina ile ya "Eleza mzunguko wa damu kwenye moyo", na nyuma yake vituo kama tisa. Ukikumbuka sita, unajipa pata au kosa? Karibu kila mwanafunzi hujipa pata na kuirudisha kadi chini ya fungu. Vile vitatu vilivyokuponyoka leo vitakuponyoka na kesho, maana hujawahi kuulizwa kimojakimoja. Na hiyo hisia ya kuzishika ni macho tu yanayotambua mwandiko wako mwenyewe.

Kabla ya kuivunja kadi hiyo, chora moyo na ufuate njia ya damu kwa kalamu. Ukikwama, rudi kitabuni kwanza, usikariri usichokielewa. Kisha uliza jambo mojamoja. Damu inayotoka mwilini huingia chumba kipi? Atriamu ya kulia. Hupita vali ipi kwenda ventrikali ya kulia? Trikaspidi. Mshipa upi huitoa hapo kuipeleka mapafuni? Ateri ya mapafu. Jibu la namna hii ama unalo ama huna. Mpangilio mzima ujipime kwa kuchora upya kwenye karatasi tupu. Hiyo si kazi ya kadi.

Majina matupu nayo hayatoshi. Weka kadi ya sababu: kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kwa sababu husukuma damu mwili mzima, ya kulia huifikisha mapafuni tu, hapo jirani.

Epuka pia kadi ya ndiyo na hapana. "Je, ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi?" Kwanza, hata anayebahatisha anapata nusu ya mara. Pili, ile ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Uliza badala yake: ateri huielekeza damu wapi? Mbali na moyo, na hilo halibadiliki.

Kinachonichosha zaidi ni hawa wauzaji wa mafungu ya kadi karibu na mitihani, na wanaopiga picha ukurasa wa kitabu wakauita kadi. Fungu la mwisho nililoletewa lilikuwa na kadi moja yenye vijenzi vyote vinne vya damu na kazi zake, kwa herufi za kukodolea macho. Aliyeinunua alikuwa ameipitia wiki nzima. Nikamuuliza himoglobini iko kwenye seli zipi. Akaomba aigeuze kadi kwanza.