Jina la kampuni ya ulinzi na usafi

«Nafungua kampuni ya walinzi, baadaye nitaongeza usafi. Nilitaka kuiita Chui Mkali, ila mke wangu anasema linatisha. Mnaonaje?»

Mkeo ameona mbali, kwa sababu jina hilo linamlenga mwizi, ambaye si mteja wako, ilhali mgongoni mwa sare litasomwa kila asubuhi na wapangaji, wageni na watoto. Msomaji mwingine amekupendekezea «Amani», naye amepatia nusu tu: neno ni pole, lakini halisemi kazi yenyewe, na linaweza kuwa la zahanati au la kwaya.

Anayeajiri mlinzi huogopa zaidi kwamba atalala au hatafika, kwa hiyo tafuta neno linalojibu hofu hiyo. «Kesha» linaijibu vizuri, ila siku utakapoongeza usafi litakubana. Mimi ningechagua «Zamu», kwa kuwa linaahidi kwamba daima kuna mtu kazini, na linamfaa mwenye ufagio sawasawa na aliyesimama langoni. Lijaribu mlangoni: «Hodi, natoka Zamu», kisha sema «Hodi, natoka Chui Mkali», usikie tofauti.

Epuka pia maneno kama «polisi» au «taifa», kwani nchi nyingi huzuia majina yanayodokeza uhusiano na serikali. Kuhusu «Jicho» bado nasita. Wengine huliona la uangalizi, wengine la upelelezi.