Ukisikiliza rekodi ya kikao, hesabu watu, usihesabu mara

Tulikaa watu 9 kujadili kwa nini wateja wanachelewa kupata majibu, nikarekodi kwa simu dakika 50 halafu mimi ndo nikapewa kazi ya kupanga mawazo. Nikasikiliza, nikawa naweka alama kila wazo linapotajwa, nikapeleka listi. Ya kwanza ilikuwa fomu mpya, imetajwa mara 11. Dada mmoja akaniuliza, hivi hiyo fomu nani mwingine aliitaka? Nikarudi kwenye rekodi. Kumbe mara 9 ni sauti ya mtu mmoja anarudia, na mwenzake mmoja mara mbili basi. Wazo la kuwekeana zamu ya kupokea simu lilitajwa mara 5 tu, lakini na watu 5 tofauti.

Tangu hapo kila wazo naliandikia kikaratasi chake, juu naweka dakika na jina la aliyelitoa, chini majina ya waliomuunga mkono, na pembeni kabisa waliopinga. Jina linaandikwa mara moja hata kama mtu kaongea mara kumi. Na ile "eee" au "mmh" ya msikilizaji siihesabu, maana mara nyingi mtu anaonyesha tu kuwa anasikiliza. Namhesabu akisema nakubali, au akiongeza sababu yake mwenyewe.

Kwenye makundi ndo watu wengi tunakosea, mi mwenyewe niliweka pamoja "tuweke zamu ya simu" na "tupunguze simu wateja watume meseji" kisa yote yana neno simu, wakati moja linataka simu zipokelewe vizuri na lingine linataka zipungue! Ukiyachanganya unapata kundi lenye watu 7 ambao hawajakubaliana kitu. Sasa najiuliza hivi: tukifanya hili, lile lingine bado litahitajika? Kama halihitajiki, hilo ni wazo moja lililosemwa kwa maneno mawili, naunganisha. Na nikiunganisha nasoma majina upya, kwa sababu aliyeunga mkono yote mawili anabaki mtu mmoja, ukijumlisha namba tu utamhesabu mara mbili.

Kuna kitu kingine rekodi haiwezi kukuambia. Wazo la kuwa na majibu yaliyoandikwa tayari kwa maswali yanayojirudia lilitoka dakika ya 47, unasikia kabisa viti vinasogezwa, likapata mtu mmoja, na huwezi kujua kama wengine hawakulitaka au ni muda tu uliisha. Ndo maana dakika naiandika. Mawazo ya mwishoni siyashushi chini moja kwa moja, nayarudisha kwa wenzangu pamoja na yale ya juu, kila mtu anachagua yasiyozidi matatu, anaandika peke yake bila kuona ya mwenzake. Safari ile zamu ilipata 7, majibu tayari yakapata 6, fomu ikabaki na wale wale 2.