Kazi ya mkuu, mshahara wa msaidizi

"Mama, mkuu wa ghala aliondoka mwisho wa Machi. Tangu Aprili kazi zake nazifanya mimi, lakini cheo ni msaidizi na mshahara ni ule ule. Naweza kudai posho ya kukaimu?"

Mwanangu,

Unaweza, ila kwanza niambie nani alikukaimisha, na kwa karatasi gani. Hapo ndipo madai mengi hufia. Mimi nilikalia kiti cha mkuu wangu wa kitengo miezi 11. Nilipodai, hakuna aliyebisha kwamba kazi niliifanya. Waliniuliza barua ya kukaimu, sikuwa nayo. Mpaka leo inaniuma.

Mimi nilikuwa serikalini, wewe uko kampuni binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikupangii kiwango cha posho hiyo. Haki yako itatoka kwenye mkataba wako, kanuni za utumishi za kampuni, au mkataba wa hali bora kama mna chama cha wafanyakazi. Tafuta humo posho inaanza baada ya siku ngapi, na nani mwenye mamlaka ya kukaimisha. Meneja wa zamu akikwambia tu "shikilia hapo kidogo", kesho watasema hakuwa na uwezo huo.

Kisha andika kwa ofisi ya utumishi, kwa adabu, uombe barua. Taja kifungu cha 15 cha sheria hiyo: maelezo ya ajira yakibadilika, mwajiri anatakiwa kuyarekebisha kwa kushauriana nawe na kukuarifu kwa maandishi. Ambatisha hati ya makabidhiano uliyosaini mkuu alipoondoka, na nakala za hati za kupokea mzigo zenye saini yako mahali pa mkuu. Chukua pia orodha ya majukumu ya mkuu, uweke alama kwenye yale unayoyafanya kweli. Kama vibali vya kutoa mzigo bado anasaini meneja, usiviweke alama. Wakikukuta umezidisha kimoja, watatilia shaka vyote.

Usidai mshahara mzima wa mkuu. Wewe unapata 900,000, na uliniambia ngazi yake inaanzia 1,350,000. Kanuni zenu zikisema posho ni tofauti ya mishahara, hiyo ni 450,000 kwa mwezi. Aprili hadi Agosti ni 2,250,000, kabla ya kodi.

Wakikataa, iandike tarehe ya jibu lao na uitunze vizuri. Mgogoro kama huu hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu CMA F.1, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukichelewa, lazima kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu. Mwajiri naye anaweza kudai kwamba mgogoro ulianza Aprili ulipolipwa pungufu, kwa hiyo barua isingoje mwisho wa mwezi.

Jumapili njoo Temeke na mkataba wako na ile hati ya makabidhiano. Tutaiandika pamoja, na Jumatatu uipeleke ukiwa na nakala ya kugongewa muhuri wa kupokelewa.

Mama yako