Hisa zimeshuka, kila mtu anauza

"Nilinunua hisa 500 kwa shilingi 1,000 kila moja. Zilipofika 850 nikangoja zirudi. Sasa ni 700, na hapa Wete wenzangu wote wanauza. Niuze?"

Ndugu yangu, kungoja kwako kule na hofu yako ya leo vina mzizi mmoja. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyotufurahisha. Baadaye wakakadiria kama mara mbili. Kwenye 850 hukuuza kwa sababu kuuza kungekuwa kukiri hasara. Leo uchungu huo huo wa hasara unakusukuma uuze, na wenzako wanauzidisha: wachache wakianza kuuza, kila mmoja hudhani mwenzake ana habari, kumbe mwenzake naye anamtazama yeye. Bei ikipanda, watu hununua kwa mtindo huo huo.

Isahau ile 1,000, soko haliijui. Ungekuwa na shilingi 350,000 taslimu leo, ungezinunua hisa hizi? Soma hesabu za kampuni: faida na gawio navyo vimeshuka, au bei tu? Kama ni bei tu, maneno ya barazani si sababu ya kuuza. Kama biashara yenyewe imeharibika, uza, ila mtajie dalali bei ya chini kabisa unayoikubali. Wanunuzi wakiwa wachache, oda isiyo na kikomo cha bei inaweza kuishia hata 600.