Asteroidi, nyotamkia, kimondo: wadogo zangu mnaoandika matangazo, njooni hapa

Juzi nimetumiwa tangazo la usiku wa darubini lililoandikwa na mdogo wetu mmoja, limepambwa vizuri kabisa, linasema "nyotamkia itakatiza anga kuanzia saa tatu usiku". Nikacheka alafu nikanyamaza, maana hilo kosa nalijua kwa majina yote mawili na ukoo wake. Nimelifanya mimi mwenyewe, tena mbele za watu. Kwa hiyo naandika haya kwa nyinyi mliojiunga na kikundi chetu cha darubini mwaka huu, mnaojua kufunga darubini na kufungua Stellarium, ile apu ya ramani ya anga, lakini mkishika kipaza sauti mnachanganya vitu vitatu kama mchuzi wa harusi.

1. Nyotamkia haikatizi. Haikatizi kabisa. Nianze na aibu yangu kwanza.

Oktoba 2024 ilikuja nyotamkia C/2023 A3, ile Tsuchinshan-ATLAS, mnaikumbuka. Ilikuwa imezunguka karibu kabisa na jua tarehe 27 Septemba, na tarehe 12 Oktoba ikawa karibu zaidi na dunia, kama kilomita milioni 70 hivi. Sasa tarehe 14 ni sikukuu ya Nyerere, Jumatatu, watu wako nyumbani, nikaona hapahapa. Uwanja wa shule moja nje kidogo ya Bagamoyo, nikaazima spika, nikatangaza mpaka msikitini: saa mbili na nusu usiku, njooni na mikeka.

Kwa nini saa mbili na nusu? Kwa sababu kichwani nilikuwa na kanuni moja tu niliyoizoea kwenye vimondo, kwamba giza likikolea ndo mambo yananoga. Sikufungua hata Stellarium kuangalia inazama saa ngapi. Niliifungua kutafuta picha ya kuweka kwenye tangazo!

Watu wakaja, aisee, watu wakaja. Kina mama na watoto, muuza kahawa na birika lake, vijana wa bodaboda wakazima pikipiki wakakaa juu yake. Nikashika kipaza sauti nikaeleza barafu, vumbi, mkia, nikaeleza vizuri tu. Alafu nikaelekeza darubini magharibi na sikuona kitu. Nikafuta lenzi. Nikasogeza. Nikasema ni mawingu, wakati mwezi unawaka juu yetu na wingu halipo. Ndo nikaenda pembeni nikafungua simu nikaona: imeshazama. Imefuata jua chini, muda ule ambao nilikuwa bado napanga viti. Ilitakiwa niwaite saa moja kasorobo, tuitazame mpaka saa moja na nusu basi, chini chini pale magharibi, mkia umesimama juu kama moshi wa jiko.

Sasa hapo ndo ningesema ukweli, si ndiyo? Dakika ileile kikapita kimondo kikali juu ya miembe, cheupe, sekunde moja na kidogo, uwanja mzima ukapiga kelele. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwenye spika: "Ndiyo hiyo!"

Wakapiga makofi. Wakaanza kukunja mikeka. Nilikuwa nahema kama mtu aliyevuka barabara ya mwendokasi. Alafu bibi mmoja akaja taratibu mpaka nilipo, kilemba, kanga mbili, akaniambia kwa upole ambao mpaka leo unaniuma: "Mwanangu, nyota ya mkia mimi nimeiona wiki mbili nyuma, naamka kwa ajili ya alfajiri, iko pale juu ya bahari. Kesho nikaikuta, keshokutwa nikaikuta. Hiki chako ni kimondo."

Nikasema "shikamoo bibi" kwa mara ya pili, maana sikuwa na kingine. Bibi hana darubini wala apu. Alijua tofauti kwa kitu kimoja tu: kesho yake ilikuwepo.

Sasa shikeni sababu, maana bila sababu mtarudia. Nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi, kiini chake mara nyingi ni kilomita chache tu. Njia yake imechongoka, inakaa huko mbali kwenye baridi miaka na miaka alafu inaporomoka kuelekea jua. Barafu ikipata joto inageuka gesi, gesi inabeba vumbi, ndo unapata ule ukungu na mkia. Maana yake nyotamkia inang'aa zaidi ikiwa karibu na jua, na ikiwa karibu na jua basi inachomoza nalo au inazama nalo. Ndo maana bibi aliiona alfajiri mashariki kabla, na sisi tukawa wa kuiona jioni magharibi baadaye, kwa dirisha dogo. Mkia nao hauonyeshi inakoenda, unaonyesha upande ulio kinyume na jua. Ikiwa inaondoka, mkia unatangulia mbele. Inasogea kati ya nyota kweli, ila unaliona hilo ukilinganisha jana na leo, ukiikodolea macho utaona imetulia tu kama taa.

2. Kimondo ni kitu cha hapahapa kwetu, angani mwetu.

Ni chembe, mara nyingi ya ukubwa wa mchanga, inaingia kwenye hewa kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde na kuwaka kwenye kimo cha kama kilomita 80 hadi 120. Linganisheni na ile milioni 70 ya nyotamkia muone nilichowafanyia wale watu. Nyota haijaanguka, msiseme nyota imeanguka kwenye spika, nyumbani semeni mnavyotaka.

Kwa vimondo ile kanuni yangu ya usiku mnene inafanya kazi, na sababu yake ni ya daladala. Mvua ikinyesha gari likiwa linatembea, kioo cha mbele kinalowa kuliko cha nyuma. Baada ya saa sita usiku mpaka alfajiri, upande wetu wa dunia unakuwa ndo kioo cha mbele. Kwa hiyo Jeminidi, ile mvua ya vimondo ya Desemba 13 kuamkia 14, msiwaite watu saa mbili, kile kitovu chake, pale vimondo vinapoonekana kutokea kwenye kundi la nyota la Mapacha, kinakuwa juu vizuri kwetu kama saa nane usiku. Na msipeleke darubini, jamani, kila mwaka kuna mtu anapeleka darubini kwenye vimondo. Mkeka na macho.

Na vimondo vinatoka wapi? Vingi ni vumbi lililoachwa na nyotamkia njiani, kila mwaka dunia inapita palepale. Eta Akwaridi, mvua nyingine ya vimondo ya mwezi wa Mei, ambayo kwetu ni nzuri kuliko kwa wazungu, ni vumbi la nyotamkia Halley, ambayo yenyewe hatuioni tena mpaka 2061. Ila Jeminidi ni watoto wa Phaethon, na Phaethon iko kwenye daftari la asteroidi, kwa hiyo mkiulizwa "vimondo vyote vinatoka kwenye nyotamkia?" msikimbilie kusema ndiyo.

3. Asteroidi ni nukta. Nukta!

Kuna mmoja wenu, simtaji, alimwambia mwanafunzi achungulie aone "jiwe lenye mashimo". Mtoto akachungulia akasema naona nyota. Mtoto ndo alikuwa sahihi. Vesta ina upana wa kilomita 525 na ndiyo inayong'aa kuliko zote za kule kwenye mkanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii, na bado kwenye darubini yetu ni nukta isiyo na mkia wala ukungu. Ni mwamba na metali, jua haliipikii chochote cha kupaa, na njia yake karibu ni duara, inazunguka taratibu kwa miaka 3 na nusu hivi. Kuithibitisha, chora nyota zote unazoona kwenye lenzi, rudi kesho usiku uchore tena, iliyohama ndiyo yenyewe. Inachosha, ndiyo.

4. Jiwe moja linaweza kubadilisha jina, na hapa ndo wengi mnaanguka mkiulizwa.

Chukueni 2008 TC3. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya Catalina kule Arizona inaona nukta inayosogea. Ni asteroidi, ndogo, kama mita 4, na hesabu zinaonyesha inakuja kwetu, itaingia Sudan. Kama saa 20 baadaye, alfajiri ya tarehe 7, ikaingia juu ya jangwa la Nubia ikawaka na kupasuka kwenye kimo cha kilomita 37 hivi. Hapo imekuwa kimondo. Desemba, Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum akaenda na mtafiti wa vimondo Peter Jenniskens na wanafunzi, wakapanga mstari jangwani wakatembea kwa miguu wakiangalia chini, mpaka wakaanza kuokota mawe meusi. Baada ya misafara kadhaa walikuwa na vipande kama 600, kilo 10 na ushee. Hayo sasa ni meteoriti, na yameitwa Almahata Sitta, Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho jirani, sita hiyohiyo ya kwetu.

Kwetu tunasema kimondo kwa kile kinachowaka na kwa kile kilichotua, ndo maana Kimondo cha Mbozi kinaitwa kimondo ingawa ni chuma kilichokaa pale Songwe, cha urefu wa kama mita 3, kimetulia kabisa. Lugha inaruhusu. Ila mtu akiuliza kwenye spika, fafanueni kama mnaongelea mwanga au jiwe. Nyotamkia hamna mtu aliyeiokota shambani.

5. Aprili 2029. Hii naiweka mapema makusudi.

Usiku wa Ijumaa tarehe 13, asteroidi Apophis, yenye upana wa mita mia tatu na kitu, itapita kama kilomita 32,000 juu ya uso wa dunia, haigongi, na itaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika. Najua mtakachoandika: mtachora jiwe la moto lenye mkia. Haitakuwa na moto wala mkia, itakuwa nukta kama nyota ya wastani, inatembea polepole kuliko setelaiti, pale inapokuwa na kasi zaidi inavuka upana wa mwezi kwa kama dakika moja. Ukitoa vimondo, hicho ndicho kitu pekee katika vyote nilivyosema ambacho kweli mtakiona "kikikatiza", na bado sio nyotamkia.

Alafu matangazo ya nje yatataja saa ya kuwa karibu kabisa, ambayo kwa saa zetu ni saa sita na dakika 46 usiku. Mtainakili, nawajua. Saa hiyo Apophis itakuwa juu ya Atlantiki, sisi inatupitia kabla, ikitoka upande wa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo fungueni Stellarium, wekeni mji wenu, sio London, angalieni inachomoza saa ngapi na inazama saa ngapi, ndo muandike. Na ni masika, tafuteni na turubai. Tangazo likiwa tayari nitumieni nilisome kabla halijafika msikitini.