Pawabenki ya mAh 30,000 yenye nyota 4.8: niamini sifa zake?

Swali: Habari fundi. Nipo Morogoro, na mtaani kwetu umeme unakatika sana. Nimeona mtandaoni pawabenki ya mAh 30,000 kwa shilingi 28,000. Imeandikwa uzito wake ni gramu 215. Ina maoni 214, wastani nyota 4.8, na karibu yote yana alama ya kuonyesha kuwa mwandishi alinunua kweli. Wengi wanasema inajaza simu mara sita. Muuzaji pia amenitumia skrinshoti za wateja wakimshukuru. Niamini?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Usiinunue, na kinachoiumbua ni hiyo hiyo “mara sita”.

Simu nyingi za sasa zina betri ya mAh 5,000. Ukigawa 30,000 kwa 5,000 unapata sita kamili, lakini hesabu hiyo hufanywa na mtu anayesoma boksi. Aliyeitumia pawabenki hapati jibu hilo. Betri ya ndani ina volti 3.7 hivi, na ili umeme utoke kwenye tundu la USB lazima upandishwe hadi volti 5. Hapo sehemu yake inapotea kama joto, na sehemu nyingine inapotea ndani ya simu wakati inachaji. Hata pawabenki ya mAh 30,000 halali kabisa itajaza simu kama hiyo mara nne hivi. Mtu mmoja akisema sita, huenda amekisia. Wakiisema wengi, ujue sifa imetoka kwenye tangazo, si kwenye matumizi.

Uzito nao unathibitisha. mAh 30,000 kwa volti 3.7 ni nishati ya saa-wati 111. Betri nzuri za litiamu za aina hii hubeba takriban saa-wati 250 kwa kilo, kwa hiyo betri peke yake, bila kasha wala saketi, zingekaribia gramu 450. Gramu 215 ni uzito wa pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000, ambayo itakujazia simu mara moja na kidogo. Hakuna idadi ya nyota inayoweza kuongeza gramu zinazokosekana.

Kuhusu alama ya kununua kweli: inathibitisha kwamba malipo yalifanyika, basi. Haionyeshi nani aliyebeba gharama mwishoni. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2022 walifuatilia makundi ya Facebook ambamo wauzaji wa Amazon walitafuta watu wa kuwasifia. Mtu ananunua kwa fedha yake, anaandika nyota tano, kisha muuzaji anamrudishia fedha pembeni, nje ya duka. Mfumo wa duka unaona mnunuzi halali. Walichokiona baadaye ndicho kinachokufaa wewe: muuzaji alipoacha kununua sifa, wastani wa nyota ulishuka na maoni ya nyota moja yakaongezeka, kwa sababu sasa walikuwa wakiandika wanunuzi wa kweli.

Kwa hiyo usiangalie wastani. Panga maoni kuanzia mapya kabisa, usome tarehe. Ukikuta nyota tano zimerundikana ndani ya wiki chache, kisha baada ya miezi miwili wanakuja watu wanaosema haitunzi chaji au imevimba, waamini hao wa mwisho. Pawabenki mbovu haijulikani siku ya kwanza. Anayeandika “imara sana” jioni ile ile aliyoipokea hawezi kujua uimara wake, hata kama hana nia ya kudanganya.

Nyota mbili hadi nne nazisoma kwa makini kuliko zote, kwani ni nadra mtu kulipia sifa nusu. Humo utakuta mambo ambayo muuzaji asingependa kuyaandika: inachukua usiku mzima kujaa, tundu la pili halichaji haraka, taa zinaonyesha imejaa kumbe bado.

Usijaribu kumtambua mwongo kwa lugha yake tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa watu maoni ya kweli na ya kutungwa kuhusu hoteli za Chicago, na waliosoma hawakufanya vizuri sana kuliko kubahatisha.

Skrinshoti za muuzaji weka kando. Yeye ndiye aliyezichagua, huoni zilizobaki, na mazungumzo ya namna hiyo hutengenezwa kwa simu mbili ndani ya dakika chache.

Ukiendelea kutafuta, muulize kila muuzaji uwezo wa kutoa kwa volti 5, ambao kwenye kasha huandikwa *Rated Capacity*. Pawabenki ya mAh 30,000 ya kweli huonyesha takriban mAh 18,000 hadi 20,000 hapo. Mwombe pia apige picha ya upande huo wa kasha na ya pawabenki ikiwa juu ya mizani. Kwa matumizi ya simu moja umeme unapokatika, ningekushauri uchukue ya mAh 10,000 yenye namba hizo wazi.